Namtaka, ila sitaki haraka: namwambiaje kwa madeko asije akaona nimemkataa?

Chausiku_K
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa maneno, si ushauri wa maisha. Ushauri wa maisha ninao wa kutosha kutoka kwa mama wadogo.

Kuna mkaka tumezoeana. Tumetoka mara mbili, zote mchana, mara moja juisi na mara moja kutembea tu. Namzimikia, na yeye hafichi. Leo Jumatano jioni kaniandikia hivi:

"Jpili njoo kwangu basi nikupikie pilau. Uje na nguo za kubadilisha kabisa, usiku usafiri wa shida 😄"

Kulala kwake sasa hivi sitaki. Sina kesi naye na simwogopi, ni mwendo wangu tu. Ila sitaki pia aone nimemfungia mlango, maana nitalia. Nimeandika majibu mawili, sijatuma hata moja.

La kwanza: "Mh! Mimi sipatikani kirahisi hivyo. Itabidi utoke jasho 😏"

La pili: "Nashukuru kwa mwaliko wako ila kwa sasa ningependa tufahamiane kwanza."

La kwanza naona tamu lakini kuna kitu ndani yake kinanikera na sikioni. La pili kama barua ya benki ya kukunyima mkopo. Lipi lina nafuu?

Mlete_Posa
Dada, mwanaume anayekuita kulala bila barua hana nia. Mjibu neno moja: "Leta mshenga nyumbani." Akiwa na nia atakuja, akiwa hana utakuwa umeokoka.

Chausiku_K
Mzee wangu, nia yake sijaiuliza. Tumetoka mara mbili, hata jina la ukoo wake sijalijua. Nikimwambia alete mshenga si nitakuwa mimi ndiye mwenye haraka?

Fundi_Ndimi
Usitume la kwanza. Kinachokukera ni kwamba umeweka mpaka, halafu papo hapo umetaja bei ya kuuvuka. "Itabidi utoke jasho" maana yake akitoka jasho utakubali. Na wanaume wengi wa huku wamekua wakiambiwa kwamba "sitaki" ya mwanamke ni maringo, kazi yao ni kubembeleza mpaka iishe. Ijumaa ataanza kubembeleza, na kwa akili yake atakuwa anacheza mchezo uliouanzisha wewe. Wewe utaona anakusumbua, yeye ataona umegeuka. Ugomvi wa namna hii huwa mnabaki mnashangaana, kila mmoja anaona ana haki.

La pili halina kosa hilo, ila limekosa damu. Halimtaji yeye mahali popote, lingeweza kutumwa kwa mtu yeyote. "Tufahamiane kwanza" kashalisikia kwa watu waliokuwa wanamkwepa kistaarabu, kwa hiyo ndivyo atakavyolisoma.

Shika hili moja, mengine yatafuata: madeko yaende kwa mtu, yasiende kwa mpaka. Mchokoze yeye, shati lake, upishi wake, mikono yake, chochote. Ukifika kwenye sentensi ya "bado", iandike kavu, fupi, isiyo na imoji. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona aibu kukataa, kwa hiyo imoji zote wanazimwaga pale pale kwenye kukataa, na sehemu ya kumsifia inabaki tupu. Mtu akisoma anaona mpaka unacheka, anajua haujakazwa.

Halafu lazima kuwe na pa kwenda. Ukisema "bado" ukanyamaza, umemwachia yeye kazi ya kubuni kinachofuata, na atabuni kile kile cha kwake. Taja wewe siku, saa na mahali. Hapo ndipo anapoamini kwamba unamtaka, kwa sababu asiyekutaka hakupangii saa.

Sauti_ya_Alfajiri
Mimi ningesema asiandike kabisa, atume ujumbe wa sauti. Maandishi hayana tabasamu. Neno "bado" likiandikwa ni baridi, likisemwa kwa sauti ya chini na kicheko kidogo mtu anayeyuka. Sekunde kumi na tano, ishirini zikizidi sana. Ukifika dakika umeshaanza kujieleza, na mtu anayejieleza anaonekana ana hatia.

Jambo jingine, usirekodi kitandani. Sauti ya mtu aliyelala inajulikana, nzito na ina pumzi. Unasema "siji kulala" kwa sauti inayosema kinyume. Rekodi ukiwa umesimama, mchana, hata ukiwa jikoni vyombo vinagongana. Hiyo yenyewe inapunguza moto bila kuharibu utamu.

Fundi_Ndimi
Hilo la kitandani ni kweli tupu, na wachache wanalifikiria. Kwa sauti nakubali nusu. Sauti inabeba tabasamu, ila haisomwi mara ya pili. Akitaka kukumbuka ulisema nini Jumapili atakumbuka kicheko, neno "bado" litakuwa limeyeyuka naye. Ningeandika mpaka na miadi, kisha baada ya dakika chache nitume sauti fupi ya uchokozi mtupu isiyo na habari yoyote ndani yake. Kila chombo kifanye kazi yake.

Bi_Kirembo wa Ng'ambo
Nyie wa bara mnapenda kusema mambo mpaka yanakosa ladha. Huku Unguja mwanamke hasemi "bado". Anajifunga kanga ya "Subira yavuta heri", anapita mara moja mbele yake, kesha sema kila kitu. Siku hizi hata kupita huhitaji, piga picha ya pindo la kanga, weka kwenye stetasi. Mwenye akili ataelewa. Asiye na akili wa nini?

Chausiku_K
Bi Kirembo nimecheka 😂 Ila huyu mtu wa Njombe. Nikimwekea kanga atauliza nimeinunua wapi amnunulie mama yake.

Fundi_Ndimi
Bi Kirembo, fumbo naliheshimu, lakini liangalie linafanya nini. Uzuri wa fumbo ni kwamba mwenyewe unaweza kulikana. Ukiulizwa unasema "hiyo kanga tu jamani". Linafaa unapotaka kusema bila kushikwa. Chausiku anataka ashikwe na neno lake. Anataka huyu mtu ajue pasi na shaka mambo mawili kwa pamoja, kwamba anapendwa na kwamba Jumapili hakuna kulala. Stetasi pia inaonwa na watu mia, kila mmoja ataona kasemwa yeye, na huyo anayelengwa ndiye atakayeipita bila kuisoma.

Halafu methali ya subira kwa vijana wa sasa ina harufu ya shangazi. Sentensi za madeko zinanoga zikichotwa kwenye maneno ya yule yule unayemjibu. Yeye kakupa pilau. Hiyo ndiyo bidhaa iliyoko mezani, itumie.

Bi_Kirembo wa Ng'ambo
Harufu ya shangazi! Haya. Lakini pilau umenena. Na kama ni pilau basi mwambie ya kwenu hupaliwa moto. Maji yakishakauka unapunguza makaa chini, unapandisha mengine juu ya mfuniko, unaiacha ijimalize yenyewe. Anayeharakisha moto wa chini anapata ukoko chini na mchele kiini juu. Mpishi yeyote hilo analijua.

Fundi_Ndimi
Umemaliza kazi, hilo ndilo fumbo lenyewe na linatoka kwake. Chausiku, jaribu kulisuka wewe mwenyewe kwanza, ulete hapa. Tukikuandikia sisi atasikia sauti ngeni.

Otieno_wa_Umoja
Niulize kitu hapo hapo. Mnaongea kama mwenye kutaka polepole ni mwanamke kila wakati. Hapa Nairobi mimi ndiye mwanaume, na ni yeye ana haraka. Nikimwambia tuende mdogo mdogo anauliza kama niko na mtu. Sina mtu! Nifanyeje?

Tiba_ya_Kero
Kaka si umwambie tu una mtu, atulie.

Fundi_Ndimi
Tiba, tulia wewe.

Otieno, swali lako ni zuri na jibu lake halifanani na la Chausiku. Mwanamke akisema polepole anasomwa kwamba anaringa. Mwanaume akisema hivyo anasomwa kwamba ana mke mahali, au mwili una tatizo, au anatafuta njia ya kutoka. Shaka ya kwanza ndiyo kubwa, na haiondolewi na maneno matamu, hata yawe matamu vipi. Inaondolewa na mambo ambayo mtu mwenye mke hawezi kuyafanya. Mpigie saa mbili usiku, wakati wenye wake wako mezani nyumbani. Pokea simu yake Jumapili asubuhi. Mkutanishe na rafiki yako mmoja, hata kwa dakika kumi. Ukishayafanya hayo ndipo madeko yanapata pa kusimama.

Maneno yenyewe unaweza kumwambia mkiwa mmesimama getini kwake: "Leo naishia hapa. Ndani nitaingia siku nikishajua kwa nini unachukia bamia na nani alikufundisha kucheka hivyo. Kesho saa mbili nakupigia, anza na bamia." Umemwonyesha kwamba unamtazama kwa karibu, umesema ndani huingii leo, na umeacha miadi. Ila usipopiga saa mbili, yote hayo yamegeuka uongo kwa mkupuo.

Otieno_wa_Umoja
Bamia ni kweli anachukia, umejuaje 😅 Nitajaribu. Hiyo ya rafiki sikuwa nimeifikiria.

Neema_Hesabu
Mimi napingana na jambo moja. "Bado" bila muda ni mateso. Bora aambiwe idadi. Kuna hii kanuni ya siku 90 inayozunguka mitandaoni, ina faida moja: mtu anajua anasubiri nini. Asiyeweza anaondoka mapema, anayeweza anakaa. Mwambie kwa utani, "nina probesheni ya miezi mitatu kama kazini", ataelewa na atacheka.

Fundi_Ndimi
Atacheka, halafu ataanza kuhesabu. Ukitoa idadi umeigeuza kuwa deni lenye tarehe ya kulipwa. Siku ya tisini na moja ikifika na wewe hujajisikia, utaonekana umevunja mkataba. Na akijisikia vibaya siku ya arobaini hatasema, atavumilia kwa sababu kuna tarehe mbele. Utakuwa na mtu anayengoja siku, asiyekujua wewe.

Kama lazima mtu ashike kitu, mpe tukio badala ya tarehe. "Nikishakula na wenzako kazini", "nikishakuona umekasirika mara moja". Tukio haliji kwa kukaa tu, linahitaji mkutane na muongee.

Neema_Hesabu
Tukio linaweza kusogezwa milele na mwenye nguvu ya kusema "bado". Wapo watu wamewekwa kwenye foleni mwaka mzima kwa "nikishakuzoea". Tarehe angalau haidanganyi.

Fundi_Ndimi
Hapo una hoja, siipingi. Kuna wanaotumia polepole kuweka mtu akiba. Bado naona tarehe ni dawa mbaya, lakini ugonjwa umeutaja sawa.

Mlete_Posa
Narudi. Nyote mnaongea kama barua ni kitu cha zamani. Kuna mabinti ambao "bado" yao ni mpaka ndoa. Hao waseme nini?

Fundi_Ndimi
Mzee, hapo umegusa jambo na ulistahili kusikilizwa tangu mwanzo. Anayengoja ndoa asitumie lugha ya polepole kabisa. Polepole maana yake tunakwenda, mwendo mdogo, tutafika. Huyo hasemi mwendo, anasema sharti. Akiliremba sharti kwa madeko ya "moto mdogo", mwenzake ataamini inaivana wiki hadi wiki, na siku akiambiwa ukweli atasema alidanganywa, na atakuwa na haki. Aseme sharti lake waziwazi mapema, kwa upole, mara moja: "Mimi mpaka ndoa, na wewe nakupenda, kwa hiyo nakwambia leo." Baada ya hapo madeko yote ruksa. Ila Chausiku hajasema hivyo, na ndiyo maana jibu la mshenga halikumfaa.

Chausiku_K
Ni kweli, langu si la ndoa. Haya nimesuka, msinicheke:

"Pilau yako naitaka, na mpishi ndiyo usiseme 🙈 Ila mimi ni wa moto wa kupalia, kuja kulala kwako bado kidogo 😊 Jumapili twende hata Coco tukale mihogo. Na uvae lile shati la bluu, nilikuwa sijamaliza kuliangalia."

Bi_Kirembo wa Ng'ambo
Shati la bluu! Mtoto kajifunza.

Fundi_Ndimi
Ni nzuri, na shati ndilo linalobeba ujumbe mzima. Linamwambia ulimtazama, ukakumbuka, na unataka tena. Hakuna "nakupenda" itakayoshinda hilo kwa sasa. Lakini nina sehemu tatu za kukaza.

"Bado kidogo" iondoe. Konda akikwambia "bado kidogo gari lijae" unajua ni watu wawili. Yeye atajua ni wiki ijayo. Andika "kuja kulala bado" na uweke nukta. Hiyo imoji ya tabasamu baada yake iondoe pia, iko pale kuomba radhi na hujakosea.

"Twende hata Coco" nayo ina ulegevu. "Hata" inaonyesha unamtupia kifuta jasho. Sema saa. Saa kumi jioni ni nzuri, jua limelegea, mihogo na mishikaki iko moto, na bado mna mwanga wa saa mbili na zaidi. Mkianza saa moja usiku mtamaliza saa tatu, na usiku wa saa tatu una swali lake lile lile, "sasa utarudije?"

La tatu, sema unalipa wewe. Nitaeleza kwa nini kama hakuna mwingine atakayeeleza.

Mama_Kibubu
Ngoja nieleze mimi, hili la pesa ndilo eneo langu. Polepole na pesa yake havikai pamoja. Ukimwambia "bado" huku anakutumia nauli, vocha na "ya saluni", hata kama hukuomba, kichwani mwake kuna daftari linaandikwa. Siku mkikosana neno la kwanza litakuwa "umenichuna". Na marafiki zake washamwambia hilo neno zamani, anangoja tu kuthibitisha.

Si lazima ulipe kila kitu. Mihogo ya watu wawili na maji haikufilisi, na ukiilipa wewe siku ile ile uliyosema "bado", umefuta shaka kabla haijazaliwa. Yeye atalipa siku nyingine. Nauli ya kuja na kurudi lipa mwenyewe. Akituma kwenye simu bila kuulizwa usirudishe kwa hasira, sema "hii tunakulia mishikaki Jumapili", na kweli iliwe mishikaki. Ikibaki kwako imekuwa mkopo.

Tiba_ya_Kero
Kwa hiyo sasa mwanamke alipe na bado tungoje? Dunia imekwisha.

Mama_Kibubu
Wewe hakuna aliyekualika pilau.

Chausiku_K
😂😂 Swali la mwisho kabla sijatuma: nitume lini? Sasa hivi ni saa nne usiku Jumatano.

Fundi_Ndimi
Kesho. Usiku huu ukituma mtaendelea kuchati mpaka saa saba, na chati za saa saba huwa zinafuta kilichosemwa saa nne. Tuma Alhamisi mchana, wakati wa chakula, akiwa kazini na akili zake zote. Ila usivuke Ijumaa. Jumamosi asubuhi atakuwa buchani, na mtu aliyeshanunua nyama na viungo kwa ajili yako akiambiwa "bado" anaona amedharauliwa, hata uandike kwa asali. Usiku huu mwambie tu "nimeona pilau, kesho nakujibu, nalala". Akiona tiki za bluu bila neno atakesha.

Chausiku_K
Sawa mwalimu.

---

Chausiku_K (Alhamisi)
Nimetuma saa saba na nusu mchana, kama mlivyosema:

"Pilau yako naitaka, na mpishi ndiyo usiseme 🙈 Ila mimi ni wa moto wa kupalia. Kuja kulala bado. Jumapili saa kumi jioni tukutane Coco, mihogo nalipa mimi. Na uvae lile shati la bluu, nilikuwa sijamaliza kuliangalia."

Sauti nimetuma baadaye kidogo, nimesema tu "na usilipige pasi sana". Amejibu:

"Hahaha moto wa kupalia! Wewe mtoto umetoka wapi? Sawa bana. Ila pilau ikipoa je? Au unaniogopa?"

Sasa hapo sielewi. Kakubali au kanichokonoa?

Sauti_ya_Alfajiri
Kakubali. Kasema "sawa bana".

Neema_Hesabu
Hajakubali. "Unaniogopa" ni mtego. Ukisema simwogopi atasema basi njoo.

Fundi_Ndimi
Wote wawili mna nusu. Usiangalie "sawa" wala "unaniogopa". Angalia Coco. Umempa miadi yenye saa, mahali na nguo, na jibu lake halijagusa hata kimoja. Hiyo ndiyo dalili. Mtu aliyepokea mwendo wako hushika kile ulichompa: atauliza upande gani, atasema shati liko kwenye maji, atasogeza saa. Mtu ambaye bado anapima hubaki kwenye mpaka, anaugonga gonga kuona kama ni ukuta au pazia. Kugonga mara moja si dhambi, karibu kila mtu hugonga. Inategemea unajibuje.

Usijitetee. Ukianza "si kwamba nakuogopa, ni kwamba mimi huwa…" umeingia kwenye kesi, na kila sababu utakayotoa ina jibu. Sababu ya usafiri ina jibu, ya kazi Jumatatu ina jibu. "Bado" haina jibu kwa sababu si sababu. Mpe mstari mmoja wa uchokozi, urudishe miadi:

"Ningekuogopa nisingekutajia shati 😄 Jumapili saa kumi. Utakuja au mihogo nile yako pia?"

Madeko yapo, swali lipo, na swali linahusu Coco, halihusu kulala. Hapo atalazimika kujibu ulichouliza wewe.

Akigonga tena baada ya hapo, madeko yamekwisha zamu yake. Unavua tabasamu kwa sentensi moja: "Hapa sitanii, kwako siji kulala kwa sasa. Coco nipo." Usiongeze neno. Kuna watu wanadhani kusema hivyo ni kuharibu. Kinachoharibu ni kuendelea kucheka mara ya tatu na ya nne, kwa sababu kila kicheko kinamfundisha kwamba bado kuna mazungumzo. Na akinuna, akajibu "poa" tupu siku mbili, usimfuate kumtuliza. Kununa kwa siku moja ni aibu tu, humpita. Kununa mpaka umfidie ni jambo jingine, na ni bora ulione kwenye simu kuliko ulione sebuleni kwake.

Mlete_Posa
Hapo Fundi nakuunga mkono kwa mara ya kwanza.

Chausiku_K
Nimetuma huo mstari. Amejibu baada ya dakika mbili: "Wee! Mihogo yangu usiguse. Coco upande gani, watu huwa wengi kule. Na shati liko kwenye kamba."

Bi_Kirembo wa Ng'ambo
Vigelegele!

Fundi_Ndimi
Kashika Coco. Sasa panga kuondoka kabla hujafika. Kuna kitu husemwa saa moja jioni nyote mkiwa mmefurahi, "tupite kwangu mara moja nichukue chaja". Mara nyingi hakina hila, lakini kinakupeleka pale pale uliposema bado, na ukiwa sebuleni mpaka unaanza upya. Mwambie mapema, mkiwa mnakula, "saa moja na nusu naondoka, unisindikize kwenye gari". Akisikia akiwa na muhogo mkononi ni taarifa. Akisikia mkishasimama ni kukimbiwa.

Neema_Hesabu
Na akimshika mkono? Maana mnazungumza kulala tu, kana kwamba katikati hakuna kitu.

Sauti_ya_Alfajiri
Amshike na yeye. Alisema polepole, hakusema asimame.

Mama_Kibubu
Mimi ningengoja mara ya pili. Siku ya kwanza baada ya kusema "bado", mkono unaweza kusomwa vibaya.

Fundi_Ndimi
Mimi naungana na Sauti. Ukisema "bado" halafu ukakaa kama uko msibani, ataamini alikataliwa kistaarabu. Kama mkono unautaka, uanzishe wewe, mchana, mbele za watu, pale ambapo hauelekei popote zaidi ya hapo. Ila Mama Kibubu anawajua watu ambao mimi siwajui.

Mama_Kibubu
Nawajua, na wengi wanavaa mashati ya bluu.

Chausiku_K
Nitaamua nikishamwona. Jamani, mihogo ya Coco siku hizi sahani shilingi ngapi? Nisije nikajitamba nalipa halafu nikaishiwa pale.